Swali la nimonia kwa mtu mzima: mlaze upande gani?

Swali lenyewe huja hivi: mwanaume wa miaka 58 ana homa ya nyuzi 39.2, anakohoa makohozi ya rangi ya kutu, anapumua mara 28 kwa dakika, oksijeni asilimia 89. Akivuta pumzi anashika ubavu wa kulia. Eleza utakachokikuta kifuani, utakavyomlaza na utakachomfundisha.

Hatua ya 1: Dalili. Umepewa zote, ziandike. Ila akiwa mzee wa miaka themanini usisubiri homa; huenda dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa tu.

Hatua ya 2: Kifua. Vifuko vya hewa vimejaa majimaji na usaha, pafu limekuwa zito kama ini. Kwa hiyo upande wa kulia chini hupanuka kidogo, ukigonga unasikia sauti butu, na kwenye stetoskopu kuna mchakacho kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Weka kiganja mgongoni, mwambie atamke neno kwa sauti nzito: mtetemo umeongezeka, kwa sababu kitu kigumu hupitisha sauti kuliko hewa. Hapa wengi hupoteza alama. Maji yakiwa nje ya pafu, kugonga pia hutoa sauti butu, lakini mtetemo hupungua.

Hatua ya 3: Mlalo. Kwanza muinue kichwa na kifua nyuzi 45, mpe oksijeni kama ilivyoagizwa. Akitaka kulala ubavu, alalie wa kushoto, yaani pafu zima liwe chini. Wanafunzi hujibu kinyume, wakidhani pafu bovu likae chini ili "lipumzike". Damu hufuata mteremko, huenda zaidi kwenye pafu la chini. Likiwa zima, damu hiyo inakutana na hewa. Likiwa bovu, inapita bila kuchukua oksijeni. Ukimgeuza, usiondoke: angalia kipimo cha kidoleni kwa dakika chache. Asilimia zikishuka, mrudishe kukaa, hata kama kitabu kinakuunga mkono.

Kuna ubaguzi. Kama pafu linatoa damu nyingi au lina jipu, bovu ndilo hukaa chini, maana vinginevyo damu au usaha utamwagikia pafu lisilougua. Na kama swali linasema mapafu yote mawili yameathirika, achana na ubavu, mkalishe.

Hatua ya 4: Pumzi. Mpe dawa ya maumivu iliyoandikwa nusu saa kabla ya zoezi la kupumua. Mwenye ubavu unaochoma hatavuta pumzi ndefu hata umbembeleze vipi. Akae wima, akumbatie mto na kuukandamiza pale panapouma. Avute hewa polepole kwa pua hadi tumbo liinuke, aishike sekunde tatu, aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai. Pumzi tano, kisha akohoe mara mbili kutoka kifuani, si kooni. Arudie kila saa akiwa macho. Akilalamika kizunguzungu, anaharakisha. Mwache apumzike, kisha hesabu naye kwa sauti.