Sharjah hadi Mombasa: jinsi ya kujua apu gani inakula hela nyingi

Majuzi binti ya mjomba, anafanya kazi Sharjah, alinipigia anataka kumtumia mamake Likoni dirham 1,000. Ana apu mbili, moja inakata ada dirham 20, nyingine imeandika bila ada, akaniuliza si nitumie hiyo ya bure tu? Tukapiga hesabu pamoja.

1. Fungua zote mbili saa hiyohiyo, zote zipeleke M-Pesa, na upige skrinshoti. Reti hubadilika mchana kutwa, kwa hivyo ya asubuhi usiilinganishe na ya jioni.

2. Hakikisha hela inayotoka mfukoni mwako ni sawa kwenye apu zote. Hapa ndo mimi nilipoteza jioni nzima mwaka fulani, niliandika 1,000 kote nikaona moja inaleta shilingi nyingi nikashangilia, kumbe hiyo ilikuwa inaongeza ada juu, nalipa 1,021 (20 ya ada na 1 ya VAT, maana kule ada inatozwa VAT ya 5%), na nyingine inalipisha 1,000 kamili. Sasa nalinganisha nini hapo? Kwa hivyo usitazame kile kiasi ulichoandika, shuka hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha, tafuta jumla ya kulipa, kisha rudi upunguze mpaka jumla isome 1,000. Kwa yenye ada utaandika 979. Na kama ni mara yako ya kwanza kwenye apu, angalia kama reti ni ya kukaribisha wageni, safari ya pili huwa haipo tena.

3. Sasa zidisha. Siku hiyo reti zilikuwa hivi:

```
Yenye ada: (1000 - 21) x 34.90 = 34,167
Bila ada:   1000 x 33.80       = 33,800
```

Ya "bure" imempunja mama shilingi 367. Ada yao imejificha ndani ya reti. Ukitaka kuiona, tafuta mtandaoni reti ya kati, ile ambayo hakuna aliyeongeza faida yake, siku hiyo ilikuwa 35.15, yaani 1,000 ingekuwa 35,150 bila mtu kukata kitu. Moja imekula 983, nyingine 1,350. Mimi siamini tangazo lolote, naamini shilingi zinazofika.

4. Rudia kwa kila kiasi. Ada ya 21 ni ileile utume kidogo au kingi, lakini tofauti ya reti inakua na kiasi. Kwa dirham 300 mambo yanageuka, yenye ada inafikisha 9,737, ya bure 10,140. Kwa reti za siku hiyo mambo yaligeukia kwenye kama dirham 666, chini ya hapo ya bure ndo bora, juu yake yenye ada.

Kama moja inapeleka benki na mama itabidi ahamishie M-Pesa mwenyewe, toa na hiyo chaji.

Basi ile 1,000 akaituma kwa yenye ada. Wiki iliyofuata mdogo wake alihitaji 300 ya shule, tukaangalia reti upya, akatumia ile nyingine.