Somo: Umeitwa usaili wa watu kibao siku moja, unamjibuje rikruta?

Wakuu habari za mchana. Juzi mdogo wangu aliyeko Morogoro kanitumia mwaliko wa usaili wa mhudumu wa wateja, kampuni ya Dar, wameitwa watu wengi siku moja na kuna kazi za vikundi, akaniuliza eti kaka nijibu au niende tu. Nimeona nililete huku maana niliwahi kukaa upande wa pili, miaka miwili kazi yangu ilikuwa kupanga hizi siku, kuandaa orodha, kupigia watu simu na kumpa mlinzi karatasi ya majina getini.

Jambo moja ulishike kabla hujaandika chochote: anayesoma jibu lako hakupimi. Yuko na Ekseli ya majina mia na kitu anatafuta la kwako aweke "anakuja" au "haji", basi. Zile aya tatu za unavyoipenda kampuni tangu utotoni hazisomwi, na mbaya zaidi zinaficha kile anachokitafuta.

1. Angalia umeitwa kwa jina au ni tangazo tu

Kama ni tangazo, "njoo na sivii yako Jumamosi kuanzia asubuhi", hapo hakuna wa kumthibitishia, unaenda, labda uulize kama kuna kujiandikisha kwanza. Usaili wa serikali nao una utaratibu wake, Sekretarieti ya Ajira wanaweka pidiefu ya majina kwenye tovuti yao, unatafuta jina lako, unasoma masharti (vyeti halisi, kitambulisho, nauli na malazi unajigharamia) unaenda. Somo hili ni la wale walioandikiwa kwa jina na kuambiwa wathibitishe. Hapo ukikaa kimya nafasi yako anapewa mtu wa akiba.

2. Angalia nani mwingine yuko kwenye hiyo barua pepe

Rikruta akiwa na haraka anawatupia wote kwenye Cc badala ya Bcc. Ukibonyeza Reply all mnasoma wote. Nilishaona jamaa kaandika mshahara anaolipwa sasa hivi na anaoutaka, watu zaidi ya 80 wakausoma, wengine wakaanza kumjibu. Bonyeza Reply, halafu angalia tena pale juu liko jina moja tu. Na kichwa cha barua usikiguse, acha ile Re: na namba ya nafasi, tulikuwa tunatafuta majibu kwa hiyo namba. Kama ni grupu la Wasap, mjibu inboksi isipokuwa kasema mjibu palepale.

3. Geuza saa

Hapa ndipo watu wengi wanaliwa. Mwaliko ukiandikwa 9:00 AM ni saa 3 asubuhi, tunajua, ila ukiandikwa "saa 2:00" bila kitu mbele ni saa 2 asubuhi au ni 2:00 PM yaani saa 8 mchana? Nilishampokea dada wa watu kaja saa 8 mchana kapendeza kweli, kundi lake lilianza asubuhi na lishamaliza. Kwa hiyo kwenye jibu irudie saa kwa namna zote mbili, ukikosea rikruta atakusahihisha mapema, na kama yeye ndiye aliandika vibaya utakuwa umewaokoa wengi.

4. Andika

Mistari miwili ya kwanza ibebe kila kitu: unakuja, jina lako kamili, nafasi, siku na saa. Namba ya simu weka ile itakayokuwa hewani siku hiyo. Swali liwe moja tu, linalojibika kwa mstari mmoja.

Sasa ya mdogo wangu ilikuwa na utata, kapangiwa Jumamosi 8:30 AM na Ijumaa ana zamu ya usiku hukohuko Moro. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa "nitajitahidi kuwahi". Nikamwambia futa. Kwenye kazi ya kikundi watu wanagawanywa mapema, sita sita au nane nane, wanapewa tatizo la kujadili na wasaili wamekaa pembeni wanaandika, ukifika wameshaanza hakuna pa kukuchomeka. Na huyo mwenye Ekseli "nitajitahidi" anaiweka wapi, kwenye anakuja au haji? Mwaliko ulitaja kwamba kuna kundi la mchana, kwa hiyo aliandika hivi:

> Habari za kazi. Nathibitisha kuhudhuria usaili wa Mhudumu wa Wateja, Jumamosi. Jina: (matatu, kama kwenye kitambulisho cha NIDA). Simu: (namba).
>
> Nimepangwa kundi la 8:30 AM (saa 2 na nusu asubuhi). Natoka zamu ya usiku Morogoro, naomba kama inawezekana nihamie kundi la 1:30 PM (saa 7 na nusu mchana). Isipowezekana nitabadilishana zamu na kufika asubuhi.
>
> Asante.

Ule mstari wa "isipowezekana" ndio mzito, maana hata rikruta asipojibu jina linabaki kwenye orodha. Ila usiuandike kama huwezi kweli. Walikuandikia Kiingereza jibu Kiingereza, mpangilio ni uleule.

Tuma siku hiyohiyo au kesho yake, usisubiri siku ya mwisho waliyosema, makundi yanajaa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbeya: Mkuu mimi nimeandikiwa Wasap kwa namba ya kawaida, wanataka elfu 30 ya fomu ndio nithibitishiwe nafasi.

Jibu: Usitume hiyo hela. Tafuta simu ya ofisi mwenyewe, sio ile waliyokupa wao, piga uliza kama siku hiyo wana usaili. Ukitaka kumjibu mwambie "fomu nitalipia ofisini kwenu nikifika", wengi wanapotelea hapo. Wakikwambia sawa ulipe ofisini, hela bado usitoe.

Dada wa Tanga: Kaka, NIDA ina majina matatu, cheti cha form foo kina mawili. Niandike lipi?

Jibu: Dada andika la kitambulisho, mlinzi getini anashika kitambulisho sio cheti. Halafu ongeza mstari, "kwenye cheti jina linasomeka hivi". Kwa usaili wa serikali hilo halitoshi, majina yakitofautiana wanataka hati ya majina iliyosajiliwa, ile wanaita didi poo, anza kuifuatilia mapema.

Mdau: Natumia kiti mwendo. Nikitaja kwenye jibu si watanitoa?

Jibu: Sitakudanganya, wapo wa hivyo. Ila nimeona usaili umewekwa ghorofa ya tatu lifti mbovu na mtu kafika ndio tunaanza kuhangaika, kundi lake likaanza bila yeye. Uliza jengo tu: "Natumia kiti mwendo, je ukumbi uko chini au kuna lifti inayofanya kazi?" Hapo anapata muda wa kubadilisha chumba.

Mdau wa Dodoma: Nilishathibitisha halafu nimepata kazi sehemu nyingine. Kuna haja ya kusema?

Jibu: Sema, mstari mmoja, kwenye barua ileile: "Sitaweza kuhudhuria, naomba nafasi apewe mwingine." Sababu si lazima. Kundi la watu sita wakikosekana wawili, zoezi linakufa na wale wanne wanaumia bure.

Dada wa Tanga: Na mdogo wako je, walimjibu?

Jibu: Walimjibu baada ya kama dakika 20, maneno mawili: "Sawa, mchana."