Namna ya Kuandaa Hotuba ya Kunyanyua Glasi Inayomtambulisha Kila Mchezaji kwa Jina la Utani

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia katibu wa timu moja ya mtaa, hapa Dar es Salaam, ambaye alipewa dakika kumi za kuzungumza katika sherehe ya kufunga msimu na akatakiwa kuwatambulisha wachezaji wote 18 mbele ya wake zao, wazazi, mfadhili na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nitatumia timu ya mpira wa miguu kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, ingawa hatua zenyewe hazibadiliki sana kwa timu ya netiboli au ya mpira wa kikapu.

Hatua ya kwanza: orodha na hesabu ya muda

Andika majina yote, kisha weka kiwango cha maneno 35 kwa kila mchezaji. Wachezaji 18 watachukua maneno 630, ambayo kwa msemaji asiye na haraka ni dakika sita hivi. Ukiongeza vicheko, makofi na maneno ya mwisho, zile dakika kumi zinatimia. Nahodha naye anapata maneno 35 kama wenzake, kwa kuwa anayezungumziwa kwa dakika mbili huwafanya waliozungumziwa kwa nusu dakika waanze kujihesabu.

Hatua ya pili: kukusanya habari

Kaa na watu wawili tu, mmoja anayecheza na mmoja anayekaa pembeni, kama vile mtunza vifaa. Muulize kila mmoja peke yake swali moja kwa kila mchezaji: "Huyu hufanya nini kila mechi ambacho hakuna mwingine anayekifanya?" Usiulize katika kundi la timu la WhatsApp. Huko utapata picha za vichekesho na malumbano, na siri itakuwa imekwisha toka kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Hatua ya tatu: kulichagua jina

Hapa ndipo muda wote huishia, na ndipo sherehe huweza kuharibika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Katika soka letu yapo majina ya namna kadhaa. Yapo ya kuazima kutoka kwa wachezaji wa nje: Nadir Haroub aliitwa Cannavaro, John Bocco akaitwa Adebayor, na Mohamed Hussein akawa Tshabalala. Yapo yanayochezea jina la mtu mwenyewe, kama Samagoal wa Mbwana Samatta au Fei Toto wa Feisal Salum. Yapo pia yanayotokana na kitu, na mfano niupendao ni Sunday Manara, aliyewika Yanga na timu ya taifa katika miaka ya 1970, ambaye aliitwa Kompyuta wakati ambapo kompyuta zenyewe hazikuwa zikionekana mitaani.

Kwa ajili ya sherehe, ninashauri namna hii ya tatu. Jina la kuazima linamtaka msikilizaji amjue yule aliyeazimwa, na mama mkwe aliyeketi meza ya mbele hana sababu ya kumjua. Jina la kitu ambacho kila mtu hukitumia au hukiona barabarani humfikia hata asiyewahi kukanyaga uwanjani.

Tuchukue winga wa kulia wa timu ile. Habari zilizokusanywa zilisema ana mbio, anapita pembeni tu, na hatoi pasi. Pendekezo la kwanza lilikuwa "Mchoyo". Jina hilo ni la kweli lakini halina upendo ndani yake: ni shutuma iliyovaa kofia ya sherehe. Pendekezo la pili lilikuwa "Risasi", ambalo ni sifa tupu na lingeweza kumfaa winga yeyote nchini. La tatu ndilo lililokaa: "Mwendokasi". Wakazi wa Dar es Salaam wanayajua mabasi hayo tangu yalipoanza kazi mwaka 2016. Yana kasi, yana njia yao ambayo wengine hawaruhusiwi kuingia, na ukiyasubiri mahali pasipo kituo yatakupita ukiwa umenyoosha mkono. Jina moja limebeba sifa na dosari kwa pamoja, na dosari imekuja kwa mlango wa nyuma, ikiwa imefuatana na sifa. Jina la namna hiyo ndilo unalolitafuta kwa kila mtu, ijapokuwa hutalipata kwa wote.

Ukishapata jina, lipime kwa njia tatu kabla ya kuliandika kwenye kadi.

Kipimo cha kwanza ni cha kutambulika. Litaje jina peke yake, bila maelezo, kwa wachezaji wawili wasiokuwa pamoja, kisha uwaulize ni nani. Wakimtaja mtu mmoja yule yule, jina limeshika. Wakitaja watu wawili tofauti, jina ni la jumla mno, na wakiuliza "kwa nini?" ujue umeandika fumbo. "Hati Miliki" lilipita mara moja, kwa sababu kila mtu alimfikiria beki wa kati ambaye hupaza sauti ya "wangu!" kwa kila mpira wa juu, hata ule ambao kipa amekwisha udaka.

Kipimo cha pili ni cha asili ya jina: limetokana na analolifanya mtu, au limetokana na mwili, mfuko, kabila au nyumba yake? La kwanza linakubalika, na hayo mengine yote yaache. Wapo watakaosema kwamba sisi ni watu wa utani, na kwamba Mhehe na Mngoni hutaniana hata msibani. Ni kweli, lakini utani huo una wenyewe na una mipaka inayojulikana na pande zote mbili, ilhali katika ukumbi wako wapo wageni wasiokuwa watani wa mtu yeyote, na watakachokisikia ni tusi. Angalia pia jina ambalo mtu analo tayari mtaani. Kulijibu hakuna maana kwamba analipenda, kwani wengine hulijibu kwa sababu wamechoka kulikataa.

Kipimo cha tatu ni cha meza anayoketi. Jiulize ni nani ameketi karibu naye usiku huo. Jina la "Wakili", alilopewa nahodha kwa jinsi anavyokata rufaa kwa mwamuzi katika kila faulo, halimdhuru popote. Lakini jina linalodokeza kwamba mtu huchelewa mazoezi kila Alhamisi linaweza kumfungulia kesi nyumbani, ikiwa mkewe anaamini kwamba huwa amefika saa kumi kamili. Vivyo hivyo, aliyekosa penalti iliyowanyima kombe msimu huu asiitwe kwa penalti hiyo. Kosa lililoipotezea timu pointi huhitaji muda kabla halijawa kichekesho, na mwenye kosa ndiye wa kwanza kulitania, nanyi mfuate.

Mgumu kuliko wote ni mchezaji wa akiba ambaye msimu mzima ameingia uwanjani mara chache. Majina yanayokuja haraka, kama vile "Benchi" au "Mwenye Kiti", yanachekesha kila mtu isipokuwa yeye. Usilitafute jina lake katika kile alichokikosa. Rudi kwenye lile swali la hatua ya pili na ulibane: huyu hufanya nini? Katika timu ile, jibu lilitoka kwa mtunza vifaa. Mchezaji huyo huitangaza mechi yote kutoka kwenye benchi, kwa sauti, akitaja pasi, kona, hadi mbwa anayekatiza uwanja, na mabeki wameshazoea kumsikiliza ili wajue nani anakuja nyuma yao. Akaitwa "Mtangazaji". Jina hilo linampa kazi ndani ya timu, na ni kazi ambayo wenzake wangeikosa kama asingekuwapo.

Ikiwa baada ya vipimo vyote bado una shaka na jina moja, mwite mhusika pembeni na umwambie. Utapoteza mshtuko wa ghafla, lakini aliyeridhia atacheka kwa sauti kuliko aliyeshtukizwa. Akisita hata kidogo kabla ya kusema "hamna shida", badilisha.

Hatua ya nne: kuandika utambulisho

Tumia mpangilio mmoja kwa wote: kwanza tukio au tabia, kisha jina la utani, kisha kituo kifupi, na mwishoni jina lake kamili na nafasi anayocheza. Ukianza na jina la utani na kufuatisha maelezo, kicheko kitakuja katikati ya sentensi na nusu ya maneno yako itamezwa. Jina la utani huleta kicheko, na jina kamili huleta makofi, kwa hiyo viache vitu hivyo viwili vitengane.

Kwa winga wetu, kadi ilisomeka hivi: "Ukimwona anakuja, mpishe. Ana njia yake, haingiliwi, na ukimwomba pasi atakupungia mkono akiwa amekwisha fika Kivukoni. Wapendwa wageni, huyu ndiye Mwendokasi." Hapo msemaji alinyamaza hadi ukumbi ulipotulia, ndipo akataja jina la kijana na kumwomba asimame.

Andika kwenye kadi za manila, kadi moja kwa mtu mmoja, kwa herufi kubwa. Sipendi kabisa hotuba inayosomwa kwenye simu. Kioo huzimika, meseji hudondoka juu ya maandishi, na msemaji huanza kupapasa kwa kidole wakati watu wanamsubiri. Kadi zina faida nyingine: asiyefika unaitoa kadi yake, na mpangilio haubadiliki.

Hatua ya tano: mpangilio

Anza na mtu anayejulikana kwa kucheka, ambaye pia ana jina lenye nguvu, kwa maana kicheko chake mwenyewe ndicho kitakachowaambia wageni kwamba ruhusa ya kucheka imetolewa. Majina dhaifu, ambayo hayakosekani, yaweke katikati na usiyafuatanishe zaidi ya mawili. Mtangazaji asiwe wa mwisho, kwa kuwa wa mwisho huonekana kama aliyesahauliwa akakumbukwa. Mweke wa nne au wa tano, ukumbi ukiwa umechangamka. Nahodha afunge orodha.

Hatua ya sita: ukumbini

Mwombe mshereheshaji azime muziki kabisa, asiupunguze tu, na hakikisha kila glasi ina kinywaji kabla hujasimama. Katika timu yenye Waislamu na Wakristo, juisi au soda kwa wote huondoa maswali.

Kadi ya mwisho ibebe maneno ya kunyanyulia glasi, na yawe mafupi kiasi cha kurudiwa na ukumbi mzima. Timu ile ilisema: "Kwa Mwendokasi, kwa Hati Miliki, kwa Mtangazaji, kwa Wakili na wenzao wote: msimu ujao tukutane tena." Taja majina manne tu, yale yaliyochekesha zaidi usiku huo, na uyachague ukiwa umesimama. Baada ya glasi kugonganishwa, mgawie kila mchezaji kadi yake, na za wasiofika mpe nahodha awapelekee.