Kualika mgeni aje kuongea kwenye jioni ya klabu chuoni: barua inapita wapi na inakwama wapi

Kwa viongozi wapya wa klabu hasa vyuo vya serikali huku Tanzania. Mambo ya kutafuta ukumbi, kutengeneza bango na kununua maji siyaelezi, hayo mnayajua. Naongelea barua, maana ndio iliyotutoa jasho semista iliyopita.

Klabu yetu ni ya mambo ya mazingira, tulitaka mtaalamu wa hali ya hewa, mtumishi wa serikali. Tukampata kwa simu kupitia mwalimu mmoja, kaka wa watu akakubali palepale, akasema "mimi nipo, leteni tu barua ofisini". Hilo neno "tu" lisikudanganye. Mtumishi wa umma haji kuongelea kazi ya taasisi yake kwenye hadhara kwa sababu yeye mwenyewe kapenda, anahitaji ruhusa ya mwajiri, kwahiyo barua haiandikwi kwake, inaandikwa kwa mkuu wa taasisi, halafu ndani mnasema mngependa atumwe fulani au mwingine atakayeteuliwa. Mkiiandika kwa jina lake itafika mezani kwake na itaishia hapo, hana pa kuipeleka.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekuambia: barua ni mbili. Klabu haina mamlaka ya kuandikia taasisi ya nje kwa karatasi yenye nembo ya chuo. Ya kwanza inatoka kwenu kwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, ikipitia kwa mlezi wa klabu, ya kuomba kibali cha shughuli na kuomba ofisi yake iandike mwaliko. Ya pili ndio mwaliko wenyewe, inatoka ofisini kwake kwenda kwa mkuu wa taasisi. Sisi ya kwanza ilipokelewa masjala vizuri kabisa, muhuri ukagongwa, dada akatabasamu, na ikalala. Kila tukienda tunaambiwa "ipo ndani inafanyiwa kazi". Kumbe ilikuwa inasubiri mtu wa kukaa chini aandike hiyo ya pili, na huyo mtu alikuwa likizo, na hakuna aliyeona haja ya kutuambia wala kumpa kazi mwingine.

Kwahiyo fanya hivi: andika mwaliko mwenyewe, kamili, uambatanishe na ombi kama rasimu, na uwatumie kwa imeili au uwapelekee kwenye flashi ili wao wabadilishe kumbukumbu namba, waprinti, asaini. Rasimu yetu ilivyofika kwenye kompyuta ya sekretari, ya pili ikatoka kesho yake. Na nakala yako ya ile ya kwanza igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uipige picha uweke kwenye simu, maana siku utakayoambiwa "hatujaiona barua yenu" ndio itakayokutetea.

Kwenye rasimu mambo manne lazima yawepo, mada, idadi ya watu, tarehe na saa, na yawe kwenye aya moja sio kutawanywa. Ikifika kule, mkuu hasomi barua yote, anaipitisha juu juu na kuandika pembeni ipelekwe idara gani. Mada ndio inayoamua. Ukiandika "mabadiliko ya tabianchi" umeandika kila kitu na hujaandika chochote, inaweza kuangukia kitengo cha uhusiano wakakuletea mtu wa kueleza historia ya taasisi na dira na dhima, mkapiga makofi mkaondoka. Sisi ya kwetu ilisomeka hivi:

"Mada: Jinsi utabiri wa msimu wa Vuli unavyoandaliwa, kwa mfano wa El Niño ya mwaka 2023. Washiriki: wanafunzi 60 wa shahada ya kwanza, wengi wa jiografia na mazingira, wasio na msingi wa fizikia ya anga. Tarehe: Alhamisi, 5 Desemba 2024 (mbadala: Alhamisi, 12 Desemba 2024). Muda: saa 10:30 jioni hadi saa 12:15 jioni (16:30 hadi 18:15), mada dakika 45, maswali dakika 40."

Ona hapo, mwenye kuidokeza anajua ni watu wa utabiri moja kwa moja, na mtoa mada anajua asije na milinganyo. Mwaka 2023 tuliuchagua kwa makusudi, mvua zile kila mtu anazikumbuka, na maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yalifanya watu wawe na maswali yao tayari.

Idadi. Usiandike "wanafunzi wote wanakaribishwa". Wanaogawa ukumbi wanataka namba, walinzi wanataka namba, na mgeni pia, maana kuongea na watu 20 mezani na kuongea na watu 200 kwa maiki ni kazi mbili tofauti. Usichukue namba ya grupu la wasap, grupu la watu 400 linaleta watu 50 na kumi kati yao wamefuata soda. Chukua mahudhurio ya jioni zenu zilizopita, ongeza kidogo, omba ukumbi unaozidi hapo kidogo tu. Mgeni akiongea kwa watu 60 kwenye ukumbi wa viti 300 atadhani shughuli imefeli.

Tarehe weka mbili kila mara. Vuli ni Oktoba mpaka Desemba, ndio kipindi watu wa hali ya hewa wana kazi kweli, anaweza kuitwa zamu. Ukiweka tarehe moja na haiwezekani, jibu linakuwa "hapana" na unaanza upya toka kwa mlezi, ukiweka mbili jibu linakuwa ni ipi. Angalia wiki za testi, angalia sikukuu, tulikwepa Ijumaa ya tarehe 6 Desemba kwa sababu wakiona Jumatatu ya tarehe 9 ni Uhuru, Ijumaa chuo kinabaki na paka.

Saa ndio inayochekesha. Kuna klabu jirani waliandika "saa 5 jioni", nusu Kiswahili nusu Kizungu, sekretari wa kule akaweka kwenye dayari saa 5 asubuhi, mgeni akafika ukumbi umefungwa na wanafunzi wako darasani. Andika kwa Kiswahili halafu weka ya saa 24 kwenye mabano. Na mwisho wa saa 12:15 sio bahati mbaya, Dar mwezi wa Desemba jua linazama karibu saa 12 na nusu, waislamu wanakwenda Magharibi bila kumkatisha mtu katikati ya sentensi.

Pia andika nani analipia usafiri. Kama taasisi inatoa gari, sawa, kama ni nyinyi sema kiasi gani, msimwache mtu mzima anakisia. Mgeni mwanasiasa msimpange kwa utaratibu huu, hiyo inapanda juu zaidi ya Mshauri na inachukua muda wake, kipindi cha uchaguzi ndio kabisa.

Jibu likitoka, siku moja kabla pelekeni getini jina la mgeni na namba ya gari kwa maandishi, walinzi wetu wa zamu ya jioni hawajawahi kusikia habari yoyote ya zamu ya mchana. Na ndani ya wiki hiyohiyo peleka barua ya shukrani kwa mkuu wa taasisi, kwa njia ileile ya Mshauri, itaje kumbukumbu namba ya mwaliko ili iingie kwenye faili lilelile, uongozi wa mwakani utaliomba faili hilo.