Jinsi ya kuomba pensheni ya serikali: anza na faili lako, mwaka mmoja kabla ya kustaafu

Nafanya kazi upande wa wafanyakazi katika ofisi moja ya serikali kuu hapa Mombasa, na kila mwaka nakaa na watu wanaokaribia miaka 60 kuwaeleza watakachopata na watakachotakiwa kuacha. Mwongozo huu ni wa watumishi wa serikali kuu walio kwenye pensheni ya zamani, ile ambayo mfanyakazi hachangii na hulipwa na Hazina ya Kitaifa. Watu wa bandari na wa kaunti mna mifuko yenu, na hesabu zake ni nyingine. Vilevile, kama ulihamia mpango wa michango ulioanza tarehe 1 Januari 2021, muulize afisa wako hesabu ya miaka yako ya kabla ya hapo. Waliokuwa na miaka 45 na zaidi siku hiyo waliachiwa hiari ya kuhama au kubaki, na wengi wanaostaafu sasa walibaki.

Watu hulaumu Nairobi pensheni inapochelewa. Kwa niliyoyaona, mara nyingi imechelewa hapahapa, ndani ya faili lenye karatasi pungufu. Baba yangu, na ofisi aliyoitumikia sitaitaja, alingoja miezi kumi na minne kwa sababu barua yake ya kwanza ya ajira haikuonekana. Kwa hiyo hatua ya kwanza si fomu. Nenda masijala, omba faili lako la kazi, kaa nalo chini ulisome kuanzia ukurasa wa chini kabisa kwenda juu.

Nitumie mfano wa dada mmoja karani tunayefanya naye kazi, ambaye tarehe yake ya kustaafu ni 31 Agosti 2026. Alikuja kwangu mwaka mzima kabla. Tulipofungua faili, karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya mwaka 1996 ya kumhamishia Mombasa. Yeye anakumbuka vizuri kwamba aliajiriwa Voi tarehe 1 Septemba 1993. Faili tulilokuwa nalo lilikuwa juzuu la pili, na la kwanza lilibaki Voi alipohama. Asingelisoma, karatasi zingepelekwa hivyo hivyo, zikionyesha utumishi ulioanza 1996.

Sasa tazama miezi hiyo ina uzito gani. Pensheni hii huhesabiwa kwa mwezi kamili wa utumishi: unachukua mshahara wa msingi wa mwisho wa mwaka mzima, unazidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, unagawa kwa 480. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayaingii, na hapo ndipo wengi hushtuka, maana walikuwa wakipiga hesabu kwa pesa wanayoiona benki. Mshahara wa msingi wa dada huyu ni shilingi 48,000 kwa mwezi, yaani 576,000 kwa mwaka. Kutoka Septemba 1993 hadi Agosti 2026 ni miezi 396. Pensheni yake kamili inatoka 475,200 kwa mwaka.

Robo ya hiyo anaweza kuibadilisha iwe kiinua mgongo kwa kuizidisha mara 20. Robo ni 118,800, kwa hiyo kiinua mgongo ni 2,376,000. Robo tatu zilizobaki, 356,400, zinagawanywa kwa miezi 12, naye atapokea 29,700 kila mwezi. Kama miaka ile mitatu ya Voi ingepotea, miezi ingekuwa 360, kiinua mgongo kingeshuka hadi 2,160,000 na pesa ya mwezi hadi 27,000. Laki mbili na elfu kumi na sita mara moja, na 2,700 kila mwezi maisha yake yote, kwa sababu ya juzuu moja lililosahauliwa kabatini.

Tuliandika barua rasmi kwenda ofisi ya zamani kuomba nakala zilizothibitishwa za barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na ya kuingizwa kwenye ajira ya kudumu yenye pensheni. Barua peke yake ingekaa tu. Ilibidi apande matatu mwenyewe hadi Voi, akakae na karani wa masijala mpaka juzuu likapatikana chini ya mafaili ya watu waliokwisha kustaafu. Kama la kwako halionekani kabisa, tafuta hati za zamani za mshahara na barua yoyote inayotaja tarehe yako ya kuajiriwa. Usitupe karatasi hata ikiwa imeliwa na mchwa pembeni.

Ukiwa na faili mkononi, angalia jina. Pwani hii majina yetu yana matatizo yake. Barua ya ajira inasema Mwana Isha, kitambulisho kinasema Mwanaisha, akaunti ya benki ina majina mawili badala ya matatu. Kwako wewe ni mtu mmoja, lakini kwa anayekagua Nairobi ni watu watatu. Tofauti ya tahajia hutatuliwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kinachosema majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kama jina lilibadilishwa kabisa, itahitajika hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Tarehe ya kuzaliwa ni tofauti: ile uliyoandika ulipoajiriwa ndiyo inayoshika, na kujaribu kuisogeza mwaka wa mwisho ni kujitafutia uchunguzi.

Hapa pia niseme neno kuhusu ndoa. Wako watu wazima wa Mji wa Kale na Kisauni waliofunga ndoa miaka thelathini iliyopita mbele ya mashahidi na hati haikuchukuliwa. Ukiwa hai haikusumbui. Ukifariki, mjane na watoto ndio watakaotakiwa kuithibitisha, wakiwa msibani. Nenda kwa kadhi sasa ulishughulikie, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mahali mwenzio anapopajua.

Baada ya hapo ndipo zinakuja fomu. Ofisi yako itakuandikia notisi ya kustaafu yenye tarehe, nawe utajaza fomu za pensheni ukiambatisha nakala ya kitambulisho, namba yako ya kodi, picha za pasipoti na maelezo ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Ndani yake kuna sehemu ya kuchagua kama unataka ile robo iwe kiinua mgongo. Uchaguzi huo hufanywa kabla ya siku ya kustaafu, kwa hiyo usiiache wazi ukidhani utaulizwa baadaye.

Naulizwa sana kama ni heri kuchukua kiinua mgongo au pensheni kamili. Dada yetu akikataa kiinua mgongo angepokea 39,600 kwa mwezi badala ya 29,700. Tofauti ni 9,900, na ingemchukua miaka 20, mpaka atimize 80, ndipo tofauti hiyo ifikie zile 2,376,000. Nyongeza za pensheni zinazotolewa baada ya miaka kadhaa zingeupunguza muda huo kidogo tu. Kwa hiyo mimi huwaambia wachukue. Ninachowaonya ni kuchukua wakiwa tayari wameshaiahidi yote kwa fundi wa nyumba.

Karatasi zote hutoka ofisini kwako kwenda Idara ya Pensheni, Jumba la Bima, Nairobi. Wewe hupeleki mwenyewe. Lakini omba nakala ya barua ya kupelekea, yenye tarehe na namba ya kumbukumbu, na ukiulizia maendeleo pale Huduma Senta ya Posta, Barabara ya Digo, uwe nayo mkononi. Akikupigia mtu simu akisema faili lako limekwama na linahitaji kitu kidogo ili lisogee, kata simu, kisha uje uniulize.

Tukija kwenye makabidhiano, watu huyachukulia kama sherehe ya chai na keki. Kumbe yanagusa pesa yako moja kwa moja. Masurufu ambayo hukurudisha risiti zake, mshahara uliolipwa zaidi kwa makosa, mkopo wa serikali wa gari au nyumba: yote hayo ni deni, na deni hukatwa kwenye kiinua mgongo, au faili husimama mpaka lielezwe. Miezi mitatu kabla, omba uhasibu wakuandikie wazi unadaiwa nini. Dada yetu alikuta masurufu ya safari ya Lamu ya 2019 yakiwa bado wazi. Risiti alizirudisha zamani, lakini hakuna aliyezifunga kwenye hesabu. Bahati nzuri alikuwa na nakala.

Vitu navyo vikabidhiwe kwa maandishi. Yeye alikuwa na funguo za kabati nne, mihuri miwili, na daftari la mafaili yanayotoka na kuingia. Alikaa siku mbili na kijana anayempokea, wakapita kabati baada ya kabati, daftari likiwa katikati yao. Mafaili matatu yalionekana yalitoka na hayajarudi. Hakuyaficha; aliyaandika kwenye hati ya makabidhiano pamoja na jina la ofisi iliyoyachukua na tarehe, wote wawili wakatia sahihi na mkuu wao pia. Neno la siri la kompyuta usimpe anayekupokea. Mwandikie mkuu akaunti yako ifungwe, mwenzio afunguliwe yake.

Likizo uliyobakiza itumie kabla, usitegemee kulipwa pesa badala yake. Ukiwa na mkopo wa sacco, zungumza nao mapema, kwa sababu siku mshahara unakoma, makato nayo yanakoma, na wadhamini wako ndio watakaopigiwa simu. Mkopeshaji yeyote akikwambia uweke pensheni yako rehani, sheria ya pensheni hairuhusu, basi ujue unayezungumza naye ni mtu wa aina gani. Na kama kabla ya serikali uliwahi kufanya kazi hotelini Nyali au kwa mhindi mjini, una akiba yako NSSF, ambayo ukitimiza 60 unaidai kando kabisa na hii.

Bima ya afya ya kazini haitakufuata nyumbani. Jisajili SHA ulipe mwenyewe, hasa kama una dawa za kila mwezi. Weka pia pesa ya kula ya miezi sita, kwa sababu mshahara unakatika siku ileile na pensheni ya kwanza haiji siku ileile.

Baada ya kuondoka imebaki fomu moja ambayo karibu kila mtu huisahau: tamko la mwisho la mali na madeni, ndani ya siku 30 tangu uache kazi. Dada yetu nimemwambia aijaze nikiwa naye siku ya kurudisha kitambulisho cha kazi, kabla hajashuka ngazi.