Unahama? Wadudu wakague kabla Fuso haijafika

Watu wengi wakihama wanakumbuka wadudu wakishafika, wanapuliza dawa nyumba mpya, wanafagia, halafu ndo wanashusha vitu. Sasa wadudu wenyewe si wako kwenye gari? Tuseme familia inatoka Dar kwenda Dodoma na Fuso moja, ina kitanda cha mbao, kabati la zamani la bibi, sofa, maboksi na gunia la mahindi. Ukaguzi wao uanze kama wiki tatu kabla, kwa sababu wanaosafiri kirahisi ni mayai na funza waliojificha, na hao wanajionyesha polepole.

Anza na kabati la bibi. Libinue, mulika tochi chini na nyuma, sehemu ambazo fundi hakupaka vanishi. Ukiona vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini kama wa ngano, hao ni bungua. Ukikuta vipunje vikavu kama mchanga vimejikusanya chini ya kitundu, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, wale ambao hawahitaji udongo wala unyevu na wanaishi humohumo ndani ya mbao. Ila kitundu peke yake sio ushahidi, maana ni mlango wa kutokea, inawezekana mdudu aliondoka zamani. Kwa hiyo fanya hivi: futa unga wote, gongagonga mbao unga wa zamani umwagike, futa tena, tandika karatasi nyeusi chini halafu usiliguse kabati wiki mbili. Unga mpya ukidondoka, wapo hai. Karatasi ikibaki safi ni dalili nzuri ila sio uhakika wa asilimia mia, funza wa bungua anaweza kula ndani mwaka mzima bila kutoa kitu, kwa hiyo hata ukifika lifuatilie. Na kupuliza dawa juu ya vanishi ni kupoteza hela, haifiki ndani. Kama wako hai na ubao ni mmoja tu, seremala autoe aweke mwingine, kama ni kabati zima basi waite wanaofukiza kwa gesi au liache. Najua la bibi linauma kuliacha, lakini likiwekwa karibu na milango na dari ya mbao utajuta zaidi.

Kitandani tatizo ni kunguni. Fungua kitanda chote, angalia kwenye viungio, ncha za chaga, matundu ya skrubu na mishono ya godoro, tafuta madoa meusi kama ya wino na mayai meupe ya milimita 1. Ukiwakuta usikimbilie kopo la dawa, kunguni wengi siku hizi wameshazoea dawa za dukani, na ukiwapuliza ovyo wanatawanyika mpaka kwenye sofa na mabegi. Joto linawaweza, kwa hiyo nguo na mashuka fua kwa maji ya nyuzi 60 kisha funga kwenye mifuko isiyopitisha kitu, isifunguliwe mpaka mwisho wa safari. Godoro kulianika juani haitoshi, ndani halipati moto wa kutosha. Na Fuso yenyewe ifagie kabla ya kupakia, hujui jana ilibeba godoro la nani.

Maboksi ya kuokota dukani mimi siyataki kabisa. Mende wakubwa wekundu wanagandisha kifuko cha mayai kwenye mikunjo, kinafanana na haragwe dogo la kahawia, ndani mayai kama 15, na yanaweza kukaa zaidi ya mwezi kabla ya kuanguliwa. Kama huna jinsi, kunjua boksi lote mpaka chini na ubandue selotepu ya zamani. Gunia la mahindi kama lina vumbi liache pia, maana dumuzi tuliyembatiza jina la skania, aliyeingia Tabora miaka ya 1970 mwishoni, anatoboa mpaka mbao.

Wanaohamia nje na kontena wana la ziada. Kreti na paleti za mbao ghafi lazima ziwe na mhuri wa IPPC, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, wenye alama ya suke la ngano, na herufi HT maana yake mbao ilichomwa joto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Plaiwudi haihitaji. Mhuri huo ni wa kreti tu, kabati lililomo ndani haulisemei, kwa hiyo karatasi nyeusi bado inakuhusu. Kontena likija, mtu aingie ndani, mlango ufungwe huku mwenzake akisubiri nje kuufungua, akiona mwanga kwenye tundu basi hata mdudu anapita. Kisha chungulia kwenye kona na chini, hasa kama limekaa kwenye majani, ukitafuta konokono wetu wakubwa na mayai yao. Amerika na Australia hao hawataki hata kuwasikia.