Kabla Hujasaini Kuidhamini Kampuni Yako

Wengi husajili kampuni wakijua kwamba ikishindwa kulipa, wadai wataishia kwenye mali ya kampuni. Ni kweli, mpaka siku unaposaini dhamana binafsi. Hapo unaahidi kulipa kwa mali yako, na kwa kawaida mali kubwa uliyonayo ni nyumba.

Kwanza angalia dhamana inagusa deni gani. Tuseme wewe na mwenzako mmekopa 20,000,000 kwa jina la kampuni, mkalipa hadi zikabaki 6,000,000. Baadaye kampuni ikachukua ovadrafti ya 9,000,000. Biashara ikaanguka, mitambo na bidhaa zikauzwa 4,000,000. Ulidhani unadaiwa salio la ule mkopo, ila dhamana ilisema "madeni yote ya kampuni, ya sasa na yajayo", hivyo unadaiwa 11,000,000, juu yake riba na gharama za mawakili. Omba itaje mkopo mmoja tu, iwe na kikomo, na kikomo hicho kijumuishe riba na gharama. Kikomo kisichozijumuisha huvuja.

Pili, tafuta maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maana yake ni kwamba mkopeshaji anaweza kukudai wewe deni zima. Mwenzako akiwa hana kitu, atakuja kwako mwenye nyumba. Haki ya kumdai mwenzako sehemu yake unabaki nayo, lakini utamkamua nini? Pigania kila mmoja adhamini kiasi chake.

Nyumba yenyewe hufikiwa kwa njia mbili. Kama hukuiweka rehani, kwa kawaida mkopeshaji hushtaki kwanza, apate hukumu, ndipo aombe mali ikamatwe. Ukiiweka rehani kuitia nguvu dhamana, safari yake inakuwa fupi zaidi. Kwa hiyo uliza waziwazi kama kuna rehani kati ya karatasi unazopewa.

Mwenzi wako naye asome kabla ya kushika kalamu. Kuridhia rehani ni jambo moja. Kusaini kama mdhamini ni jingine, kwa sababu hapo mshahara na akiba yake navyo vinaingia hatarini. Awe na wakili wake, si wako wala wa benki.

Mkopeshaji atakataa baadhi ya maombi haya, hasa kampuni ikiwa changa. Akikataa kuiondoa nyumba, mwombe aanze na mali ya kampuni, au dhamana ipungue kadiri mkopo unavyolipwa. Mara nyingi la mwisho ndilo rahisi kukubaliwa.

Na siku ukiuza hisa au kujiuzulu ukurugenzi, usidhani umetoka. Dhamana hubaki hadi mkopeshaji akuachilie kwa maandishi, kwa hiyo barua hiyo iwe mkononi kabla hujamkabidhi mnunuzi hisa zako.